Tiketi ya watu tisa, mchango wa watu wanane

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mkenya, nafanya shifti ya usiku kwenye ghala moja hapa Dallas, Texas. Tuko tisa, Wakenya, Watanzania na Wakongo, na huu ni mwaka wa pili tunachanga dola 4 kila mtu kila wiki kununua tiketi za bahati nasibu ya Powerball ya Jumamosi. Anayekusanya na kununua ni kaka mmoja tunayemheshimu sana. Hatujawahi kuandikiana chochote, tunaaminiana tu.

Wiki tano zilizopita tiketi yetu imepata namba nne kati ya tano na ile ya mpira mwekundu. Ni dola 50,000. Furaha iliisha siku ileile. Mwenzetu mmoja wiki hiyo alikuwa amelazwa hospitali na hakutuma dola zake 4. Kaka alinunua mistari 18 ya namba kama kawaida, akatuma picha kwenye WhatsApp kabla ya droo. Sasa wako wanaosema tugawane wanane tu, aliyekosa kuchanga amekosa. Kaka naye anasema pengo alilijaza yeye kwa pesa yake, kwa hiyo fungu la tisa ni lake, achukue mawili. Mgonjwa anasema mbona zamani alichelewa mara mbili, akalipiwa, akarudisha siku ya mshahara na hakuna aliyesema neno.

Isitoshe, Kaka anataka kwenda kudai pesa peke yake kisha atutumie mafungu yetu kwa Zelle. Tiketi iko kwake. Sitaki kumvunjia heshima, lakini silali. Nifanyeje? Na tukiendelea kucheza, tuandike nini?

Niliye Katikati, Dallas

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na tiketi, maana mafungu yanaweza kusubiri. Hapa Texas mna siku 180 tangu siku ya droo kudai zawadi, na wiki tano zimeshakwenda. Muda upo, lakini usiuchezee. Leo hii mwombe Kaka apige picha mbele na nyuma ya tiketi, aitume kwenye kundi lenu, na chini yake aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba tiketi hii ni ya kundi na anaitunza kwa niaba yenu. Kama ni mtu mwema kama unavyomwona, sentensi hiyo haimgharimu kitu. Mwambie unaomba hivyo kwa ajili yake pia: tiketi ikipotea au nyumba ikiibiwa, atataka pawe na ushahidi kwamba alikuwa mtunzaji na si mwizi. Usifute ujumbe wowote kwenye kundi hilo, na uhifadhi nakala mahali pengine.

Sasa hili la kwenda kudai peke yake. Nimejaza fomu za kodi za watu wetu huku Amerika miaka mingi, na hapa ndipo ninapoona watu wazuri wakiumizana bila kukusudia. Zawadi ya dola 600 na zaidi hailipwi dukani, lazima ipelekwe kwenye ofisi za bahati nasibu. Ikizidi dola 5,000, kodi ya serikali kuu hukatwa palepale, asilimia 24. Kwenye dola 50,000 hiyo ni kama 12,000, zinabaki kama 38,000. Texas yenyewe haina kodi ya mapato, kwa hiyo jimbo halikati lake. Usidhani mkijigawa tisa kila fungu litakuwa dogo kiasi cha kukwepa makato hayo. Makato huhesabiwa kwa zawadi nzima kabla ya kugawanywa.

Kaka akienda peke yake, karatasi itakayotoka, ile inayoitwa W-2G, itasema yeye amepata dola 50,000. Nakala moja inakwenda IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Mwakani kwenye hesabu zake za kodi atakuwa ni mtu mwenye mshahara wa ghala na juu yake 50,000, hata kama mfukoni alibaki na fungu moja. Kama familia yake inapata nafuu ya bima ya afya kwa kipato kidogo, au msaada wa chakula wa SNAP, ataulizwa. Tena Texas, kabla ya kumlipa mshindi, huangalia kama ana deni la matunzo ya watoto, deni la kodi au mkopo wa masomo wa serikali aliouacha bila kulipa, na deni hilo hukatwa kwenye zawadi iliyo kwa jina lake. Simjui Kaka wenu wala madeni yake. Ila nawajua walioona fedha ya kundi ikilipa matunzo ya watoto wa mtu mmoja, na hapo ofisi haina kosa, imefuata jina lililo mbele yake.

Dawa yake ni karatasi moja, Fomu 5754 ya IRS. Inapatikana bure. Juu kabisa anaandikwa yule anayepokea zawadi, yaani Kaka. Chini yake wanaandikwa wenye mafungu wote, kila mmoja kwa jina, anwani, namba yake ya kodi na kiasi chake. Kaka anatia sahihi na kuikabidhi kwenye ofisi ya madai pamoja na tiketi. Ofisi hutumia orodha hiyo kumtolea kila mtu W-2G yake, na makato ya asilimia 24 yanagawanywa vilevile, kila mmoja akiwa na rekodi ya kilichokatwa kwa jina lake. Mwenye kipato kidogo anaweza hata kurudishiwa sehemu mwakani, jambo ambalo halitawezekana kama makato yote yameandikwa kwa Kaka. Pigeni simu ofisi hiyo kabla ya kwenda, muulize nani aje na vitambulisho gani, kisha nendeni wote siku moja. Anayepokea msaada wowote wa serikali aripoti fungu lake mwenyewe, asisubiri kuulizwa.

Lakini fomu hiyo inataka majina na kiasi, na hapo tunarudi kwenye ugomvi wenu.

Nimeikalia picha uliyoniambia, ile ya mistari 18. Mstari mmoja wa Powerball ni dola 2. Watu tisa mara dola 4 ni dola 36, na dola 36 ni mistari 18. Mngekuwa mmecheza wanane, Kaka angekuwa na dola 32 na angenunua mistari 16. Kwa hiyo tiketi zenyewe zinasema kwamba wiki ile mlicheza hesabu ya watu tisa, na zilisema hivyo kabla ya mtu yeyote kujua namba zitakazotoka. Wanaotaka mafungu manane wana kazi ya kueleza ile mistari miwili ya ziada ilikuwa ya nani.

Linabaki swali moja tu: zile dola 4 za Kaka zilikuwa mkopo kwa mgonjwa, au Kaka alijinunulia nafasi ya pili? Hapa utaratibu wenu wa nyuma ndio shahidi mkubwa. Mara mbili kabla ya hapo mtu huyuhuyu alilipiwa, akarudisha siku ya mshahara, na hakuna aliyedai kwamba wiki hizo fungu lake lilihamia kwa Kaka. Kama Kaka alitaka safari hii iwe tofauti, alikuwa na nafasi ya kuandika neno moja kwenye kundi siku ile alipotuma picha. Tafuta ujumbe huo. Kama haupo, mimi naona fungu ni la mgonjwa, na anadaiwa dola 4.

Tena piga hesabu uone nani anapigania nini. Mkigawana tisa, 38,000 inatoa kama 4,222 kwa kila mtu. Mkigawana wanane ni 4,750. Tofauti ni dola 528. Kaka akichukua mawili, yeye anaondoka na 8,444 na ninyi wengine saba mnabaki na 4,222 zilezile ambazo mngepata mkimpa mgonjwa haki yake. Nyinyi saba hampati hata senti kwa kumuunga mkono Kaka kwenye hoja yake. Waambie wenzio hivyo, kwa karatasi na kalamu mezani. Nimeona vikao vikibadilika hapohapo.

Usidhani mahakama hazijawahi kuyaona haya. Texas hapahapa, mwanamke mmoja alidai rafiki yake alikubali kumlipia mchango wa kundi na kumdai baadaye. Kundi likashinda, yeye akaachwa nje. Mahakama ya kwanza iliyatupa madai yake, lakini mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Amarillo ikasema dai la mkataba wa mdomo lina swali la kusikilizwa. Angalia alikofika: miaka ya kesi ili apate tu nafasi ya kusikilizwa. New Jersey, fundi wa ujenzi aliyekuwa akiwanunulia wenzake kazini alishinda bahati nasibu ya Mega Millions ya dola milioni 38.5 mwaka 2009, akasema ile tiketi ilikuwa yake binafsi, si ya kundi. Wenzake watano walimshtaki na Machi 2012 wazee wa baraza wakawapa haki. Miaka zaidi ya miwili ya mawakili kwa sababu hakuna aliyekuwa na namna ya kuonyesha tiketi ipi ni ya nani kabla ya droo. Nyinyi mna ile picha. Hamjui mlivyo na bahati.

Ila la Alabama ndilo ninalowasimulia wateja wangu. Mwaka 1999 mhudumu wa mgahawa alipewa na mteja tiketi ya bahati nasibu ya Florida kama bakshishi, ikashinda dola milioni 10. Wahudumu wenzake wanne wakasema walikubaliana kugawana. Wakashinda mbele ya wazee wa baraza, lakini mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Alabama ikabatilisha: makubaliano hayo yalihusu kamari, na kwa sheria ya jimbo hilo mkataba wa kamari hauna nguvu. Basi mama yule akabaki na ushindi wake. Lakini zaidi ya nusu ya ushindi alikuwa amewaingizia ndugu zake kupitia kampuni ya familia, akisema tangu zamani walikuwa na makubaliano kwamba yeyote atakayeshinda atawagawia wengine. IRS wakamwambia hiyo ni zawadi uliyowapa ndugu zako, lipa kodi ya zawadi. Mwaka 2012 mahakama ya kodi ikakubaliana na IRS. Maneno ya familia yalikuwa hayana umbo: nani anapata kiasi gani, anachangia nini, wanacheza lini, hakuna aliyeweza kusema. Angekuwa na makubaliano halali yenye mafungu yanayojulikana kabla ya ushindi, ndugu zake wangekuwa wanachukua chao, na asiyetoa chake hatozwi kodi ya zawadi.

Kwa dola 50,000 zenu kodi hiyo haiwagusi, kwa sababu mtu anaruhusiwa kumpa mwingine kiasi kikubwa kuliko mafungu yenu kwa mwaka bila kuripoti, dola 19,000 mwaka 2025. Lakini tiketi ileile ingepata namba zote tano bila ile nyekundu, ingekuwa milioni moja, na kila fungu lingepita mpaka huo. Ndiyo maana nasema karatasi iandikwe kabla ya droo. Na tafadhali, msije mkaandika leo makubaliano ya tiketi hii na kuweka tarehe ya mwaka jana. Huo ni udanganyifu, na utaharibu hata ule ushahidi mzuri mlio nao. Kwa tiketi hii andikeni mapatano ya leo, kwa tarehe ya leo: kwamba tumeshinda droo ya siku fulani, tumekaa, tumekubaliana mafungu ni haya, kisha sahihi tisa.

Kaka akikataa kabisa? Usimtukane kwenye kundi. Mwandikie yeye peke yake, kwa heshima zote unazompa, kwamba huafiki adai peke yake na kwamba unadai fungu lako. Ujumbe huo una tarehe. Akienda na kuzichukua, madai ya hadi dola 20,000 hapa Texas yanasikilizwa kwenye zile mahakama za madai madogo, na fungu lako linaingia humo bila shida. Watu wengi hujisimamia wenyewe. Nina imani hamtafika huko, maana Kaka akishaielewa W-2G ya dola 50,000 kwa jina lake peke yake, mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuulizia Fomu 5754.

Umeuliza muandike nini mkiendelea. Kwanza nikwambie kidogo tu kwamba hilo mlilopata hutokea mara moja katika mistari 913,129, kwa hiyo msianze kuchanga dola 20. Hata hivyo watu wetu wanajua kuandika. Kwenye chama au upatu kuna daftari, zamu, faini na mweka hazina, na hakuna anayeona kuandikwa jina lake ni tusi. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili na Kiingereza ubavuni, maana siku ya ugomvi atakayeusoma hatakuwa Mswahili. Unaweza kuanza hivi:

"Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunacheza Powerball ya kila Jumamosi pamoja. Kila mmoja anachanga dola 4 kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa. Fulani ndiye mnunuzi. Mnunuzi ataweka picha za tiketi zote na orodha ya waliochanga kwenye kundi kabla mauzo ya Jumamosi hayajafungwa. Tiketi iliyo kwenye picha hiyo ni ya kundi. Tiketi isiyo kwenye picha hiyo si ya kundi. Zawadi inagawanywa sawa kwa walio kwenye orodha ya droo hiyo tu."

Sentensi ile ya tiketi iliyo kwenye picha na isiyo kwenye picha ndiyo iliyokosekana New Jersey. Inamlinda Kaka pia, maana mnunuzi ana haki ya kujinunulia yake. Akitaka yake, anunue kwa malipo tofauti na asiichanganye na za kundi.

Kisha andikeni la mtu aliyechelewa, maana ndilo lililowafikisha hapa. Kuna njia mbili na zote ni halali. Mnaweza kusema asiyetuma hadi Ijumaa hayumo, mistari inapungua, na jina lake linakosekana kwenye orodha. Au mnaweza kusema mnunuzi anaruhusiwa kumlipia mtu, lakini lazima aandike kwenye orodha "nimemlipia fulani", na anayelipiwa ana fungu kamili na deni la dola 4. Mimi ningechagua ya pili na kuweka kikomo, kwamba mtu hawezi kulipiwa droo mbili mfululizo. Mkichagua yoyote ile, mnunuzi asiweze kuamua baada ya namba kutoka kwamba pengo alilolijaza lilikuwa lake.

Andikeni pia zawadi ndogo mnazifanyaje. Namba nne bila ile nyekundu ni dola 100, na kwa watu tisa hiyo haina maana kugawanywa, irudi kwenye mfuko wa droo zinazofuata. Andikeni anayedai zawadi kubwa atajaza Fomu 5754 kwa wote. Na kama ni ile kubwa kabisa, amueni mapema mtapokea fedha taslimu kwa mkupuo au malipo 30 ya miaka 29. Uamuzi huo hufanywa mara moja kwa tiketi nzima, na kuna mwenzenu atakayetaka yote kesho na mwingine anayetaka ya kila mwaka. Semeni tu wengi wape.

La mwisho ni mtu akiacha kazi au akihamia jimbo lingine. Mkataba useme kama anabaki kundini au anatoka, na kama anatoka, droo yake ya mwisho ni ipi, kwa ujumbe wake mwenyewe kwenye kundi. Ghala lenu najua lina watu wa kuja na kuondoka. Kila jina likibadilika, chapeni ukurasa upya, wote watie sahihi tena, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Shangazi